Mabegi matatu, nyumba tupu

Baba Neema alipohamishiwa Dodoma kikazi Julai iliyopita, vyombo vyetu vilibaki Dar es Salaam vikisubiri lori. Sisi wanne tulipanda treni ya SGR na mabegi matatu, tukafika saa 12 jioni kwenye nyumba ya kupanga ambayo hata balbu haikuwa nayo. Mpangaji aliyetutangulia alizifungua zote akaondoka nazo. Simlaumu, huenda alizinunua mwenyewe.

Nilikuwa nimebeba balbu mbili, moja ya pini na nyingine ya kuzungusha, maana huwezi kujua utakuta holda ya aina gani. Lakini luku ilisoma sifuri. Nikanunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20, na zikaja uniti kama 11 tu. Shilingi 6,000 zilikuwa zimekatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa kila mwezi, kwa kuwa nyumba ilikaa miezi minne bila mtu kununua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Nikautunza ule ujumbe wa simu, na baadaye alikubali kutupunguzia kwenye pango.

Mwanga ulipopatikana ndipo shida yenyewe ikaanza. Neema, mwenye miaka mitano, alimwita kaka yake kutoka sebuleni, na sauti yake ikamrudia kutoka vyumbani. Akaganda.

"Mama, kuna mtu humu."

Baba yake akamwambia ni mwangwi tu, kuta tupu hurudisha sauti. Hakuamini. Alikataa kwenda chooni, akakataa mkate, akalia anataka turudi nyumbani kwetu. Nilimtazama mume wangu. Lori lingefika baada ya siku tatu.

Tukahamia wote kwenye chumba kidogo kuliko vyote. Dirisha nikalifunika kwa khanga, nikizining'iniza kwenye misumari ya pazia iliyoachwa. Masweta na nguo nzito zikatoka kwenye mabegi, nikazitandaza chini ya mkeka, kwa sababu usiku wa Julai Dodoma ni wa baridi, na sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili hadi asubuhi. Wengi huhangaika na cha kujifunika tu, kumbe baridi inapandia chini. Nguo nyingine tukazitundika kwenye kamba ya chandarua, na mabegi tukayasimamisha ukutani.

Neema alikuwa mlangoni muda wote huo, kidole mdomoni, akikagua kazi. Hatimaye akaingia katikati ya chumba akaita jina la kaka yake, polepole. Kimya. Akaita tena, safari hii kwa nguvu.

"Ameondoka," akasema. Kisha akaulizia mkate wake.