Tulipoacha Kuwaandikia Wateja Majibu

Nilipoanza kazi ya video Dar es Salaam mwaka 2006, ushuhuda wa mteja uliandikwa ofisini kabla mteja mwenyewe hajaulizwa neno lolote. Ofisa masoko wa kampuni alituletea karatasi ambayo bosi wake ameshaipitisha. Sisi tuliipeleka kwa mteja, tukamkabidhi, tukakaa pembeni tukisubiri aikariri. Maneno yake yalikuwa yale yale kila mara: "Mimi ni mkulima wa kisasa. Tangu nianze kutumia bidhaa hii bora, maisha yangu yamebadilika. Nawashauri na wenzangu waitumie." Ukiondoa mkulima ukaweka mfanyabiashara, karatasi hiyo hiyo ilifaa kuuza simenti, bima au mbolea.

Utaratibu ule ulikuwa na sababu zake. Kamera zetu zilitumia kaseti za Mini DV, za dakika 60. Ukimaliza kurekodi, kuihamishia kaseti kwenye kompyuta kulichukua muda ule ule uliorekodi: saa nzima ya mazungumzo, saa nzima ya kungoja. Tangazo la televisheni nalo lilinunuliwa kwa sekunde. Mtu akizungumza apendavyo kwa dakika 40, hizo ni kaseti, ni saa za mhariri, ni pesa. Skripti iliyoandikwa ilihakikisha kwamba tunarudi mjini na sekunde 30 zinazotakiwa.

Zilivyoonekana kwenye kioo ni jambo jingine. Mtu anayekariri hutambulika haraka. Macho yanapanda juu kutafuta neno linalofuata. Mikono imeshikana tumboni. Anaanza na "awali ya yote" au "napenda kuchukua fursa hii", Kiswahili cha mgeni rasmi ambacho hakitumii nyumbani kwake. Anasema "bidhaa" mahali ambapo kila siku husema pampu. Anaitaja kampuni kwa jina lake kamili, na kila sentensi inaishia kwenye sauti ile ile. Mtazamaji hahitaji kufundishwa dalili hizi. Anajua mara moja kwamba mtu huyu amepewa maneno, na kuanzia hapo hata lililo kweli haliamini.

Mabadiliko kwetu yalianzia kwenye maiki. Fundi wa sauti, kabla ya kurekodi, humbandika mteja maiki kwenye kola na kumtaka aongee kidogo ili apime sauti. Hamwambii asome karatasi. Humuuliza, "Mzee, leo umekunywa chai na nini?" Basi mzee husimulia: muhogo wa jana uliobaki, mke kasafiri kwenda msibani, mjukuu kamwaga maziwa. Uso unachangamka, mikono inatembea, sentensi zinakuja zenyewe. Kisha tunasema "tayari, tunaanza", na mtu yule yule anakauka. Hali hii tuliiona kila mahali, kwa wasomi na wasio wasomi. Tofauti kati ya dakika ile na iliyofuata ilikuwa moja tu: kwenye chai aliulizwa jambo lililomtokea, kwenye kamera alipewa maoni ya kutangaza.

Vifaa navyo vilibadilika. Kamera za picha zilizoweza kurekodi video zilipoingia madukani, kadi ilichukua nafasi ya kaseti, na kuongea sana hakukuwa tena gharama. Baadhi ya kamera hizo, kama Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, ziliacha zenyewe kurekodi baada ya dakika 12 hivi mfululizo. Hilo lilitufaa. Tulizoea kuuliza swali moja au mawili, kusimama, mtu akanywa maji, tukaendelea.

Wakati huo ndipo nilipojifunza pia kuhusu matangazo ya Apple ya mwaka 2002, ambamo mwongozaji wa filamu Errol Morris aliwarekodi watu halisi waliohama kutoka kompyuta za Windows kwenda Mac. Morris anajulikana kwa kifaa alichokiita Interrotron, kinachotumia kioo ili anayehojiwa auone uso wa mwulizaji pale pale kwenye lenzi. Sisi hatukuwa na kioo hicho, lakini funzo tulilichukua: mtu huongea vizuri na uso, si na chuma. Tangu hapo mwulizaji wetu hukaa ubavuni mwa kamera, macho yake yakiwa usawa wa lenzi, na mteja huambiwa aisahau kamera amtazame yeye.

Hivyo skripti haikufa. Iligeuka kutoka karatasi ya majibu ikawa karatasi ya maswali. Tunaichora safu tatu: swali lenyewe, jambo tunalolitafuta kwa swali hilo, na picha tutakazohitaji kulifunika jibu. Mteja haoni karatasi hii. Siku moja kabla tunampigia simu na kumweleza mada tu: tutaongelea ulivyokuwa ukimwagilia zamani na unavyomwagilia sasa. Ukimtumia maswali yenyewe, atakaa usiku kuyaandikia majibu, na asubuhi utakuta karatasi imerudi, safari hii kwa mwandiko wake.

Nieleze kwa mfano wa mama mmoja mkulima wa nyanya karibu na Dumila, mkoani Morogoro, aliyekuwa amenunua pampu ya sola. Swali la kwanza lilikuwa: "Mama, kabla ya pampu hii, siku ya kumwagilia ilikuwaje? Anza tangu ulipoamka." Maneno ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi. Ukimuuliza "pampu imekusaidiaje?" atakujibu "imenisaidia sana". Ukimwambia aanze alipoamka, hana njia ila kusimulia. Akaanza saa kumi na moja alfajiri, dumu la petroli kwenye bodaboda, lita tatu kila siku ya kumwagilia, kamba ya kuwashia injini inayogoma mpaka aje kijana wa jirani.

La pili: "Ilikuwa siku gani ukasema sasa basi?" Hapa tunatafuta sababu ya kununua, na sababu hiyo kwa kawaida ni tukio moja. Alisema kuna wiki kituoni hakukuwa na mafuta, na nyanya zilikuwa kwenye maua. "Siku ya tatu nikaenda shamba, mwanangu, maua yako chini. Nikayaokota kwenye kanga nikampelekea mzee nyumbani ayaone." Mkulima yeyote wa nyanya anajua maana ya hilo: mche ukikosa maji wakati wa maua, maua hudondoka, na tunda la msimu huo limekwenda. Ofisini hakuna ambaye angeiandika sentensi ile.

La tatu: "Uliposikia habari za sola, ulikuwa na wasiwasi gani?" Hili tunaliuliza kwa sababu mtazamaji naye ana wasiwasi huo huo. La nne: "Siku maji yalipotoka mara ya kwanza, nani alikuwepo, na alisema nini?" Mtu akiulizwa alichosema mwingine, huacha kujipima maneno yake. La tano: "Jana ulimwagilia vipi?" Jana, si "siku hizi". Jana ina saa, ina watu, ina tope miguuni.

La sita ndilo kampuni hulipinga: "Kitu gani bado kinakusumbua?" Mama alijibu bila kusita, "Wingu likitanda maji yanakuja kidogo. Nimeweka tangi, nalijaza siku ya jua. Siku ya mawingu nanyweshea nusu ya shamba kwa tangi." Mkuu wa masoko alitaka kipande hicho kiondolewe. Tulimwomba kibaki, kwa hoja moja: kila mnunuzi anayefika dukani huuliza habari za mawingu, na hapa amejibiwa na mkulima mwenzake. Kikabaki. Baadaye wauzaji walitueleza kwamba watu walikuwa wakija wakiulizia bei ya pampu na ya tangi kwa pamoja.

Swali la mwisho ni fupi: "Kuna jambo sikukuuliza?" Kisha kunyamaza. Kunyamaza huku ni sehemu ya skripti, nasi tunakuandika kwenye karatasi. Jibu likiisha, mwulizaji huhesabu moyoni hadi tatu au nne kabla ya kufungua mdomo, kwa kuwa mara nyingi mtu akiona hajakatizwa huongeza sentensi moja, na ndiyo hiyo tunayoifungulia video.

Yapo mambo mawili ya kiufundi ambayo bila hayo, maswali mazuri hupotea. La kwanza, kwa kuwa sauti ya mwulizaji hukatwa, jibu lazima lisimame peke yake. Swali "ulitumia mafuta kiasi gani?" likijibiwa "lita tatu", mhariri hana kitu. Kwa hiyo mwanzoni tunamwambia mteja, "Mama, mtu anayekutazama hatanisikia mimi, kwa hiyo uanze kwa kutaja tunachoongelea." Akisahau, tunamuuliza tena baadaye kwa maneno mengine. Hatumwambii "rudia", maana anayerudia hujaribu kukumbuka alivyosema mwanzo, na kukariri kunarudi kwa mlango wa nyuma. La pili ni kumwondoa mtu wa kampuni mbele ya macho ya mteja. Bosi akisimama pale, kila jibu huwa la shukrani.

Mazungumzo ya Dumila yalichukua dakika 25 hivi. Video ilikuwa ya sekunde 90, na kutoka humo tulikata kipande cha sekunde 30 cha kuweka status ya WhatsApp, ambako ndiko wakulima wengi walikokiona. Katika kukata tuna mpaka mmoja: hatuunganishi nusu ya jibu la swali hili na nusu ya jibu la swali lile ili kupata sentensi ambayo mteja hakuisema. Mama aliitazama video kwanza, akaridhika, ndipo akasaini fomu ya ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, fomu hiyo hatuifanyi jambo la hiari.

Maswali hayatengenezi ushuhuda pale ambapo haupo. Mteja aliyenunua pampu wiki iliyopita hana msimu wa kusimulia, ana furaha tu, na furaha haimsaidii anayehesabu pesa zake. Aliyepewa pampu bure anaweza kusema kweli tupu, lakini mtazamaji anastahili kujua kwamba alipewa.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa ofisi za masoko: mkituita, msituletee aya za kukariri. Tuleteeni jina la mteja, siku aliyonunua na namba yake ya simu. Yaliyompata anayajua yeye, na akiulizwa vizuri atayasema vyema kuliko sisi sote tunavyoweza kumwandikia.