Kupelekea shangazi maneno ya grupu

Katika jamaa yetu ya Bushi, mutu ambaye hakukuwa kwenye kikao cha mahari haambiwi tu kwamba "tulisha kupatana". Anatumiwa mutu, na yule mutumwa anamupasha maneno kwa utaratibu: wakwe waliomba nini, nani wa kwetu aliwajibu, neno gani lilikubaliwa, neno gani lilibaki. Mutumwa hachanganyi mawazo yake na maneno ya wazee. Siku hizi kikao kinafanyika ndani ya telefone, kwenye grupu ya WhatsApp, lakini ile kazi ya mutumwa haijaisha. Tena imekuwa ngumu zaidi, kwani grupu moja inasema luga tatu ao ine kwa mara moja.

Nitaeleza kikao kimoja cha kwetu. Kijana wetu alitaka kuoa, na wakwe walikuwa wameshatoa liste ya mahari. Grupu ilikuwa na watu 23, wa Bukavu, wa Kinshasa na wa Brussels. Walizungumza siku tatu, tangu siku ya kwanza mpaka siku ya tatu usiku, na zikatoka jumbe zaidi ya 200, pamoja na sauti 17. Shangazi wa kijana, dada mukubwa wa baba yake, anakaa Walungu na telefone yake ni ya mabutoni tu. Anasema Kimashi na Kiswahili. Kifaransa na Kilingala hapana. Kwetu hatuendi kwa wakwe bila yeye. Kama angefika kule na kusikia hesabu ambayo hakuambiwa, angenyamaza mbele ya watu wote, na wakwe wangejua kwamba hatuna neno moja. Kwa hiyo niliombwa kumuandikia karatasi, iende na dereva wa gari la asubui.

Wengine wanatoa mazungumzo yote kwenye telefone kama faili ya maandishi, kiisha wanasoma pale. Mimi sifanye vile. Katika faili ile vidole na mioyo ambayo watu waliweka haionekane, na jibu halionyeshi tena lilijibu ujumbe gani. Kwetu baba mudogo aliandika "D'accord" saa tatu ya usiku, nyuma kidogo ya ujumbe uliosema ngombe tatu. Ukisoma faili, unasema alikubali ngombe tatu. Lakini kwenye telefone ilionekana wazi kwamba alijibu ujumbe wa juu kabisa, uliohusu siku ya kwenda. Neno lake juu ya ngombe lilikuwa ndani ya sauti ya dakika ine, kesho yake. Wazee wetu hawapendi kuandika, wanasema. Basi kila sauti niliisikiliza mara mbili, nikaandika kando: nani, siku gani, juu ya nini.

Kutafsiri kwenyewe, maneno marefu hayanisumbui. Yale mafupi ndiyo yanaleta shida. Mutu wa Brussels aliandika "On va payer le transport". Kifaransa kinaruhusu kujificha ndani ya "on". Kiswahili hakiruhusu: nitalipa, tutalipa, watalipa, inaomba uchague moja, na kila moja ina mufuko wake. Nilimuuliza kama ni yeye. Akajibu kwamba alisema tu. Kumbe gari lilikuwa bado halina mwenye kulilipa.

Vilevile "La chèvre, c'est pour l'oncle". Ni oncle gani? Baba mudogo wa binti ni oncle, na mujomba wake ni oncle. Kwa Kiswahili hao ni watu wawili wa nyumba mbili, na mbuzi ni moja. Ilibidi kuuliza kwa musemaji wa wakwe, akasema ni ya mujomba, ndugu ya mama.

Lakini lililonisimamisha sana ni ujumbe wa kijana wetu wa Kinshasa, siku ya tatu usiku: "Mbongo ya ngombe moko, lobi." Yaani feza ya ngombe moja, lobi. Wanaojua Kilingala wanajua kwamba lobi ni jana, na lobi ni kesho. Kitenzi ndicho kinachotofautisha: natindaki lobi, nilituma jana, nakotinda lobi, nitatuma kesho. Yeye hakuweka kitenzi. Kati ya jana na kesho kulikuwa ngombe muzima! Nilimupigia, akasema atatuma kesho. Na hata hiyo "kesho" sikuiandika hivyo. Karatasi inasomwa siku nyingine, na kesho ya mwandishi si kesho ya musomaji. Niliandika siku ya nne. Namna moja "14h" niliiandika saa nane ya muchana.

Kiisha kutafsiri, inabaki kutenga kilichokatwa na kilichosemwa tu. Watoto wa Ulaya waliomba ngombe zote zigeuzwe feza, na ujumbe wao ulipata vidole kumi. Nilitazama majina, mmoja kwa mmoja. Wote ni vijana. Kwetu neno la mahari linakatwa na baba mudogo, pamoja na muzee wa Bukavu na shangazi mwenyewe, na kwa hao hakuna aliyejibu. Vidole kumi vya vijana ni pendekezo. Karatasi ilikuwa hivi, kwa Kiswahili cha kwetu:

"Shangazi, jambo sana. Bakwe baliomba ngombe tano, mbuzi moja ya mujomba wa binti, na vitenge bya mama yake. Baba mudogo alijibu kwa sauti: tupeleke ngombe tatu kwanza, mbili za kutembea na moja ya feza; mbili zibaki deni. Muzee wa Bukavu alikubali. Kwenda ni posho ya juma lenye kuja, saa nane ya muchana. Ile feza ya ngombe iko Kinshasa, haiyafika. Kijana anasema atatuma siku ya ine. Mwenye kulipa gari haiyajulikana. Batoto ba Ulaya banaomba ngombe zote zikuwe feza, bazee habaijibu. Juu ya ile, na juu ya ngombe tatu, tunangojea neno lako."

Ukiangalia, hakuna "familia ilikubali" ndani yake. Kila neno lina mwenyewe, na yaliyobaki wazi yameachwa wazi.

Jioni shangazi akapiga. Alisomewa karatasi na mujukuu. Feza kwa ngombe zote alikataa pale pale: mukwe anataka kuona mukia. Juu ya ngombe tatu alisema neno moja, "Nasikia."

Hapa nilipaswa kurudi kwenye grupu kwa Kifaransa, na watu walikuwa wanangojea. Lakini nasikia ya kwetu inaweza kuwa tu "maneno yamenifikia". Kuandika "elle est d'accord" kungekuwa kumukatia neno yeye asilokata. Nikamuuliza: "Shangazi, unasikia, ao unakubali?"

Akacheka. "Nasikia. Kukubali, ngoja kwanza nione zile mbili za kutembea."

Nikaandika kwenye grupu: amesikia, atakubali akishaona ngombe. Baba mudogo akatuma sauti fupi kwamba zitapita Walungu siku ya tano.