Baraka: Amwandikia mwalimu wake barua ya shukrani

Kijana mmoja wa Baraka, katika teritware ya Fizi, amemwandikia barua mwalimu wake wa darasa la sita baada ya kuona picha ya sherehe ya mwisho wa mwaka. Katika picha hiyo wanafunzi wamevaa mashati meupe, na vichwa vyao vimejaa poda waliyomwagiwa na wazazi siku ya kutangazwa matokeo. Wenzake wawili wa dawati moja hawaonekani. Walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya primu.

Kabla masomo ya msingi hayajawa ya bure, Septemba 2019, walimu wengi waliishi kwa primu, yaani pesa iliyotolewa na wazazi kila mwezi. Asiyelipa alirudishwa nyumbani. Mama wa kijana huyo aliuza ndagala, na alikuwa na deni la miezi mitatu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, kwa hiyo mama alikosa cha kuuza.

“Mwalimu,” aliandika, “uliniambia nikae, mama atalipa giza likirudi. Hakulipa, nawe hukuniuliza tena. Sasa nina watoto, ndipo naelewa kwamba pesa ile ilikuwa chakula cha watoto wako.”

Ndani ya bahasha ametia primu ya miezi mitatu. Mwalimu angali anafundisha, na jina lake bado haliko kwenye orodha ya mishahara ya serikali.