Tembo Hufungwa Kabla ya Kujazwa

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya sindano ya mkono. Katika duka la ushonaji mjini Voi, mafundi wenye cherehani walikata na kuunganisha, mimi nikapewa pindo: suruali za suti, sketi za ofisini, magauni ya harusi. Upindo ulitakiwa ushike bila nje kuonekana hata nukta ya uzi. Mwenye duka, mzee tuliyemwita Mwalimu, alikuwa akiipeleka nguo mlangoni penye jua, anaigeuza taratibu, kisha ananirudishia bila maneno mengi. Siku alipoona nimeanza kuelewa alinieleza jambo moja: "Mwanangu, sindano ipite ndani ya mkunjo, isipite juu yake." Sikujua kwamba sentensi hiyo ndiyo ingenilisha baadaye, tena kwa kazi ya kushona matumbo ya tembo.

Nilirudi nyumbani Kishushe nikiwa na cherehani ya miguu niliyoinunua kwa akiba ya Voi. Kishushe iko upande wa tambarare, milima ya Taita nyuma yetu na hifadhi ya Tsavo Magharibi mbele. Fundi wa huku huishi kwa majira. Shule zikifunguliwa mwezi wa Januari hulali kwa kushona sare. Sare zikipita, kazi inayobaki ni viraka na zipu. Katika miezi hiyo mikavu, akina mama wa jirani walikuwa wameanza kushona wanyama wa kuchezea kwa vipande vilivyobaki kwa mafundi, wakiwauza kwa wenye maduka ya watalii. Waliopendwa zaidi walikuwa tembo, na walishonwa kwa kitambaa chekundu. Kila aliyepita Tsavo anajua kwa nini: tembo wa huku hujimwagia udongo wetu mwekundu mpaka ngozi yao inachukua rangi yake.

Mnunuzi mmoja alikuwa amerudisha mzigo. Tembo walikuwa na sura nzuri, masikio yamekaa sawa, lakini chini ya tumbo kila mmoja alikuwa na kovu: uzi umezungushwa juu ya kingo mbili, kitambaa kimejikunja, na pengine pamba inachungulia. Mama aliyewaongoza wenzake alikuja kwangu na kikapu. "Dada, wewe ulishona pindo za mjini. Tufungie matumbo haya." Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo nimeifanya mpaka leo.

Mnyama wa kitambaa hushonwa akiwa ndani nje. Vipande viwili huwekwa uso kwa uso, cherehani inazunguka, na mahali fulani huachwa mlango wa kumgeuzia na kumjazia. Mshono wote mwingine hujificha wenyewe mnyama anapogeuzwa. Mlango pekee ndio hauna budi kufungwa kutoka nje, mbele ya macho ya kila mtu. Mshono unaofaa hapo ni mshono wa ngazi. Uzi unavuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa vidato vilivyonyooka, na ukivutwa, vidato vyote vinazama kati ya mikunjo miwili. Kinachobaki juu ni mstari ule ule ulioachwa na cherehani.

Wengi hudhani siri yake ni kushona kwa udogo sana. Mimi nimeona watu wenye macho makali na vidole vyepesi wakishindwa, kwa sababu walianza kufikiria mlango baada ya pamba kuingia. Wakati huo kitambaa kimeshanyooka, kingo zinasukumwa nje, na hakuna tena mkunjo wa kufuata. Mlango hutayarishwa tembo akiwa bado bapa mezani.

Nitaeleza ninavyomfanya tembo wetu wa kawaida, mwenye urefu wa sentimita 25, wa kitambaa cha marekani kilichotiwa rangi nyekundu. Kwanza ninachagua mahali. Mlango unawekwa penye mstari mnyoofu, na kwa tembo hapo ni tumboni, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Ukiuweka kwenye mviringo wa mgongo au kichwa, kingo mbili hazitalingana ukizivuta. Sentimita 6 zinatosha vidole viwili na kijiti cha kujazia. Mlango mdogo zaidi huraruka wakati wa kugeuza. Mkubwa zaidi ni kazi ya mkono isiyo na faida.

Kisha ninashona mzunguko wote, sentimita moja ndani ya ukingo, bila kuuruka mlango. Nikifika mwanzo wa mlango ninarudisha mashine nyuma mishono michache ili pasifumuke, halafu ninaweka mshono mrefu kabisa ambao cherehani yangu inatoa, karibu milimita 4, na kupita nao kama bandi. Mwisho wa mlango ninarudisha nyuma tena, kisha ninaendelea kwa mshono mfupi wa kawaida. Sasa ninafungua ukingo wa ndani mahali pa mlango, nusu huku na nusu kule, na kuupiga pasi ya makaa mpaka ulale. Baada ya hapo ninafumua ile bandi.

Hatua hii ndogo inatoa vitu viwili. Cha kwanza ni mikunjo miwili mikali iliyokaa mahali pake hasa, ambayo itabaki hata pamba ikisukuma. Cha pili ni matundu ya sindano. Kwa kuwa mashine ilitoboa vitambaa vyote viwili kwa pamoja, kila tundu la upande huu lina mwenzake upande ule, moja kwa moja. Mkono wangu hauhitaji kukisia, ngazi imeshapimwa. Sehemu nyingine za mshono ninapunguza ukingo na kukata vipengo vidogo kwenye miviringo ya miguu na mkonga, lakini mlangoni sikati chochote. Ukingo wote wa sentimita moja unabaki, kwa sababu ndio unaozuia mkunjo usirudi nje na ndio unaozuia nyuzi za marekani zisichomoke.

Kujaza kunaanza na mkonga, kisha miguu, mwisho tumbo, kwa mafungu madogo. Siku hizi tunatumia faiba ya mito. Sufi ya pwani ni laini, lakini hulala baada ya muda na tumbo likalegea. Vipande vya nguo vilivyokatwakatwa ni vizito na hufanya vinundu, na kinundu kikikaa chini ya mlango husukuma kidato kimoja kikaonekana. Kwa hiyo hata anayejazia vipande huweka tabaka la faiba karibu na mlango.

Uzi ninaotumia ni wa polista, wa rangi ya kitambaa. Nikikosa rangi kamili nachukua iliyokolea kidogo, kwa kuwa nyepesi hung'aa kwenye kivuli cha mshono. Ninaukunja mara mbili, urefu wa kiganja hadi kiwiko, na fundo ninaliingiza ndani ya mkunjo. Sindano inatokea kwenye tundu la kwanza. Inavuka ng'ambo na kuingia tundu lililo mkabala, inateleza ndani ya mkunjo milimita 4 hadi tundu linalofuata, inatoka, inavuka tena. Kwa mlango wa sentimita 6 ni kama mara 15 tu sindano inateleza, ikipokezana pande mbili. Baada ya vidato vinne au vitano ninavuta, na ninavuta kufuata mstari wa mshono, siyo kwenda juu. Uzi ukivutwa juu unakata kitambaa. Ukivutwa sambamba kingo zinakaribiana na kugusana. Hapo nasimama. Kuvuta zaidi kunakunja tumbo zima.

Nikibakiza kama sentimita mbili ninaongeza faiba kidogo kwa kijiti, maana pale pa mwisho ndipo huwa na shimo, kisha ninamalizia. Ninafunga fundo dogo, ninaingiza sindano pembeni yake, ninaipitisha ndani ya tumbo na kuitoa mbali kama sentimita tano. Ninavuta kwa ghafla kidogo mpaka fundo linazama, ninakata uzi ukiwa umekazwa, na ncha inarudi ndani yenyewe.

Makosa yake yanasomeka. Vidato vikionekana vimelala upande, sindano haikuingia mkabala, iliingia mbele. Vikionekana vifupi na vilivyonyooka, uzi ni mlegevu. Yakitokea mashimo madogo mstarini, sindano ilipita juu ya mkunjo na kushika uso wa kitambaa. Na ukingo mmoja ukibaki mrefu mwishoni, mishono ya upande mmoja ilikuwa mirefu kuliko ya pili. Msichana mmoja niliyekuwa namfundisha aliniletea tembo mwenye kasoro hii ya mwisho na akataka kuibana kwa mishono ya ziada. Nilimwambia, "Mama, usiibane. Fumua hadi pale pande mbili zilipokuwa sawa, halafu anza hapo." Alifumua, akayatafuta matundu ya bandi, na tumbo likafunga.

Mshono huu una udhaifu wake, na anayeuuza lazima aujue. Mlango mzima unashikwa na uzi mmoja. Ukikatika popote, mtoto akiingiza kidole, vidato vyote vinalegea na faiba inatoka, na faiba si kitu cha kuingia mdomoni mwa mtoto. Kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, EN 71, kinataka mshono wa mnyama laini uvutwe kwa nguvu ya nyutoni 70, karibu sawa na kuning'iniza kilo 7, bila kufunguka. Kwa ajili hiyo uzi wangu ni mara mbili, na kila baada ya sentimita mbili narudisha sindano nyuma mara moja ndani ya mkunjo ili uzi ujifunge. Hauonekani, lakini ukikatika mahali pamoja, uharibifu unaishia hapo. Tembo akikamilika namshika kwa vidole gumba viwili kila upande wa mlango na kumvuta kwa nguvu zangu zote. Uzi ukimeremeta, anafumuliwa.

Nilifurahi nilipojua kwamba tembo ana nafasi ya heshima katika kazi hii. Mwaka 1880, huko Giengen nchini Ujerumani, Margarete Steiff, fundi aliyekuwa amepooza miguu kwa polio tangu utotoni, alianza kushona tembo wadogo wa feliti wa kuchomekea sindano. Watoto wakawachukua kuchezea, na kampuni ya Steiff ikakua kutoka hapo. Feliti ilimsaidia, kwa sababu haichomoki nyuzi na huficha mshono kwa unene wake. Marekani na kitenge havitusamehei hivyo. Ni bapa, kila kidato kinajitokeza, na ndiyo maana sisi tunaitegemea pasi na bandi.

Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu huniletea tembo aliyekwisha fungwa wakitaka nimsifu. Nampokea, lakini ninachokagua ni kazi inayofuata. Nawaomba waniletee mwenzake akiwa bapa, bado hajageuzwa, nitazame kama mkunjo umepigwa pasi na kama ukingo wa mlangoni umeachwa mzima. Hapo ndipo ninapojua kama tumbo litafunga.