Nani Aliwamaliza Furu?

Kuna utetezi mmoja utausikia sana hapa Mwanza, kuanzia kwa anayemwaga taka Mto Mirongo hadi kwa mwenye nyavu za matundu madogo: "Hata nisingefanya mimi, ingetokea tu." Muhula huu, kwenye somo la usababishi, nimeona kwamba utetezi huo umewasumbua wanafalsafa kwa muda mrefu.

Mwaka 1748 Mskoti David Hume aliandika kwamba chanzo ni kitu kinachofuatwa na kingine, na kila kinachofanana na cha kwanza hufuatwa na kinachofanana na cha pili. Kisha akaongeza, kana kwamba anasema jambo lile lile: yaani cha kwanza kisingekuwepo, cha pili kisingetokea. Jamani, hayo ni mambo mawili! La kwanza ni mfuatano wa kawaida. La pili ndilo Mmarekani David Lewis alilolijengea nadharia yake mwaka 1973: ondoa chanzo, uone kama tokeo nalo linaondoka.

Tuyapime kwa furu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, samaki hawa wadogo wa mamia ya spishi walikuwa sehemu kubwa ya samaki wote katika Ghuba ya Mwanza. Sangara alikuwa ameshapandwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960. Alifurika kwanza upande wa Kenya, kisha kwetu katikati ya miaka ya 1980, na kila alikofurika, furu waliporomoka. Mfuatano umetimia. Lakini miaka hiyo hiyo rutuba ilikuwa ikitiririka ziwani kutoka nchi kavu, mwani ukaongezeka, maji yakawa na ukungu, na oksijeni ikapungua kwenye kina. Hapo pia mfuatano umetimia. Kwa kipimo hiki wote wawili wana hatia, ila ukikitumia kivivu hata ongezeko la baiskeli mjini lina hatia. Na ziwa la kurudia jaribio hatuna.

Basi tumia kipimo cha pili. Mjomba wangu, anayeuza sangara Kirumba mwaloni, anakijua bila kukisomea. "Wewe mjomba," huniambia (kwetu tunaitana hivyo pande zote mbili), "hata sangara asingeletwa, maji haya yangewamaliza." Tuseme ana haki. Geuza sasa: maji yangebaki safi, sangara angewala. Ukiondoa kimoja, kingine kinamaliza kazi, kwa hiyo hakuna hata kimoja ambacho kutoweka kwa furu kunakitegemea. Samaki wamekwisha na hakuna aliyewamaliza! Hapa ndipo kipimo cha Lewis kinapokwama: pale ambapo kila chanzo kingetosha peke yake.

Njia mojawapo ya kujinasua ni kulitazama tokeo kwa karibu. "Furu walikwisha" ni maneno yanayofunika vifo vya namna nyingi. Furu wa maji ya wazi walionekana matumboni mwa sangara, na walipoadimika, sangara akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Tena sangara alipovuliwa kwa wingi miaka ya 1990, baadhi ya furu walao vijidudu vya majini walirudi katika ghuba, na maji bado yakiwa machafu. Kwa hao, mjomba ameshindwa kesi.

Wa kwenye mawe ni habari nyingine. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, kuna *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu, ambaye dume lake ni jekundu, na ndugu yake *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni la buluu. Jike humchagua dume kwa rangi. Ndani zaidi ya ghuba maji yana ukungu, rangi hazionekani vizuri, na spishi hizo huchanganyika. Penye ukungu mkubwa kabisa, kando ya kisiwa cha Luanso, huwezi kuzitenganisha. Hapo spishi inaweza kupotea bila samaki kuliwa. Mshtakiwa ni maji.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fumbo ilitokana na kuita mambo mengi kwa jina moja. Sehemu kubwa, si yote. Wale wa kwenye kina walipungukiwa oksijeni huku sangara akiwasaka, na kwao siwezi kugawa vifo. Hapo mimi naacha kuondoa kimoja kimoja. Naondoa vyote viwili kwa pamoja na kuuliza kama furu wangekuwepo. Kama jibu ni ndiyo, kundi zima ndilo chanzo, na kila aliyetia mchango wake humo ni sehemu ya chanzo, hata kama akitolewa yeye peke yake hesabu haibadiliki. Lewis asingekubali kirahisi, maana kuwa sehemu ya kundi ni rahisi mno: hata baiskeli zitaomba kuingizwa. Namjibu kwamba baiskeli tunazitoa kwa kuonyesha njia. Sangara ana tumbo lenye furu ndani, mwani una giza na maji yasiyo na pumzi. Baiskeli haina kitu.