Jina la Baba Limechelewa Kutajwa

Baba alizikwa Jumamosi, na kufikia Jumatatu mimi nilikuwa nimeshakubali. Ndivyo nilivyodhani. Maneno yote nilikuwa nayo: dunia ni mapito, kazi ya Mungu haina makosa. Ukiniuliza niko aje, nakupa hayo. Miezi saba baadaye nikaokota betri za redio yake nyuma ya kabati, nikakaa chini sakafuni hadi giza likaingia.

Kabla niache chuo tulifundishwa zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, za kitabu chake cha 1969: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni, halafu kukubali. Kitu hatukuambiwa ni kwamba alizitoa kwa wagonjwa waliokuwa wanajua watakufa, si kwa sisi tuliobaki. Kwa hivyo nilipoanza na kukubali na kurudi nyuma, nilidhani nimeharibika mahali.

Kisha nikasoma upya Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga huu utenzi akiulilia mji wa Pate, kule visiwa vya Lamu, uliokuwa na utajiri mkubwa kabla haujaporomoka. Wengi huusoma kama mawaidha tu. Mimi nauita mbolezi, na ukifuata mpangilio wake utaona ni mtu anayeanza pale nilipoanza mimi.

Anaanza na hekima. Baada ya kumtaja Mungu na Mtume, anaugeukia moyo wake na kuugombeza: mbona huzinduki, mbona bado unaipenda dunia? Halafu picha zinafuatana. Dunia ni mangati, yale maji ya uongo ambayo mwenye kiu huyaona jua likiwa kali. Ni kisima kisicho na ukingo, na palepale pana ng'ombe mkali wa kumpiga pembe anayeinama kunywa. Uhai ni taa kwenye upepo. Picha kali, lakini angalia: mpaka hapo hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Ni "dunia", ni "uhai". Hayo ndiyo maneno yangu ya Jumatatu.

Halafu anasogea karibu kidogo. Wanaingia matajiri, wakitembea kwa maringo, shingo zimepinda. Bado ni "wao". Nyumba zao zinang'aa kwa taa za kioo na za shaba, na hapa mimi husimama kila mara, kwa sababu taa imerudi. Mwanzoni ilikuwa mfano tu. Sasa ni kitu halisi kilichoning'inia kwenye nyumba ya mtu. Anawapeleka matajiri kaburini, kisha, badala ya kufunga hoja na kwenda zake, anarudi nyumbani kwao.

Na humo ndani haharakishi. Juu wamening'inia watoto wa popo. Madaka ya ukutani, yaliyopangwa sahani za thamani, sasa wamelala makinda ya ndege. Bundi analia katikati ya nyumba, na kumbini ni kelele za nyenje. Mtu wa mawaidha angetosheka kusema "nyumba zimekuwa magofu". Anayejua hili daka lilikaa nini ni mtu aliyewahi kuingia humo kukiwa na wenyewe. Kwangu ilikuwa betri mbili za redio.

Ni baada ya vyumba ndipo anaanza kuuliza: wako wapi? Anawaita kwa majina, kama mtu anayezunguka mtaa akibisha milango. Na kati ya majina hayo yumo Ali bin Nasir. Rudi juu usome jina la mshairi.

Manze, mimi nilipita hapo mara mbili bila kuona. Ametaja mangati, ng'ombe, matajiri, popo na bundi, ndipo akafika kwa baba. Na halitengei jina hilo ubeti mzima. Analiweka kwenye foleni na wengine, halafu anaomba aonyeshwe njia waliyopita. Yule aliyekuwa akiugombeza moyo kwamba haujui kitu, sasa yeye ndiye anauliza njia.

Ukitafuta hatua ya tano baada ya hapo, hutaipata. Toleo nililosoma linaishia motoni, anaitaja jehanamu kwa majina yake. Kuna wanaosema hilo ni fundisho la dini tu, na sibishi, yeye mwenyewe ameweka wazi anaonya. Lakini hofu hiyo inakuja baada ya jina, si kabla. Mimi pia, wiki ile ya betri, sikulala nikijiuliza baba yuko wapi na mimi nitaenda wapi.

Betri nilijaribu kuzitia kwenye redio. Moja ilikuwa imevuja.