Washa Namba 14

Nilimfahamu mwanagenzi mmoja wa gereji pale Tunduma. Aliletewa jenereta ya dizeli inayowaka kwa taabu na kutoa moshi mwingi, ingawa nozeli ilikuwa mpya. Mwenye mali alikwisha kujiandaa kuvuka Nakonde akanunue pampu.

Fundi wake akamfungulia kitabu. "Mdogo wangu, anza na mchoro."

Katika mchoro ule injini imefumuliwa: kila kipuri kimetengwa na mwenzake, na mstari wa vitone unawaunganisha kwa mpangilio wa kufungwa. Namba iliyo kando ya kipuri huitafuta kwenye orodha, ukapata jina na idadi.

Kijana aliufuata mstari wa nozeli. Chini yake palikuwa na washa ya shaba, namba 14, idadi 1. Akaichomoa nozeli, ikatoka na washa yake mpya. Akamulika tundu kwa tochi: washa ya zamani ilikuwa imeganda chini, imefunikwa na masizi. Zile mbili ziliinua nozeli, dizeli ikanyunyizwa pasipo pake.

Akaing'oa ya zamani, akasafisha tundu, akafunga upya. Jenereta ikawaka bila moshi, na pampu haikununuliwa.